Nusu mechi, dakika sawa au daftari la msimu: njia tatu za kugawa muda wa kucheza kwenye timu ya watoto

Kocha wa timu ya watoto hukutana na hesabu ileile kila Jumamosi asubuhi. Wachezaji ni wengi kuliko nafasi, wote wameamka alfajiri, na kila mmoja ana mama, baba au kaka aliyesimama pembeni mwa uwanja akimsubiri aingie. Makocha wengi huimaliza hesabu hiyo kwa kuangalia matokeo. Timu ikiongoza mabao matatu, walioko benchi wanaingia. Ikifungwa, wanabaki wamekaa mpaka dakika tano za mwisho. Utaratibu huo siuingizi kwenye ulinganisho huu, maana hauna mpango wowote. Ninazolinganisha ni njia tatu ambazo kocha anaweza kuziandika kwenye karatasi kabla ya filimbi na kumwonyesha mzazi yeyote atakayeuliza: kumhakikishia kila mtoto nusu ya mechi, kugawa dakika sawasawa ndani ya mechi yenyewe, au kuacha mechi zitofautiane halafu kusawazisha ndani ya msimu.

Nitatumia timu moja tangu mwanzo hadi mwisho ili namba zisituchanganye. Ni timu ya chini ya miaka 13 inayocheza tisa kwa tisa, vipindi viwili vya dakika 30, yenye watoto 13: kipa mmoja na 12 wa kucheza ndani. Nafasi za ndani ni nane, mechi ina dakika 60, kwa hiyo kocha ana dakika 480 za kugawa. Zigawe kwa watoto 12 unapata dakika 40 kwa kila mmoja. Ishike hiyo 40, kwa sababu ndiyo itakayotuonyesha kila njia imempa nani zaidi na imempunguzia nani.

Nusu mechi kwa kila mtoto

Hii ndiyo inayojulikana zaidi. Shirika la soka la watoto la Marekani, AYSO, lililoanzishwa California mwaka 1964, limejengwa juu ya kanuni kwamba kila mtoto anacheza, na mtoto anahakikishiwa angalau nusu ya kila mechi. Uzuri wake ni kwamba inaeleweka kwa sentensi moja, na hata refa au kiongozi wa mashindano anaweza kuikagua.

Lakini tazama inachoruhusu. Kwenye timu yetu, kuwapa watoto 12 dakika 30 kila mmoja kunatumia dakika 360. Zinabaki 120 mkononi mwa kocha. Kocha anayetaka ushindi atazipeleka wapi? Kwa watoto wake wanne bora, dakika 30 za ziada kila mmoja. Basi wanne wanacheza dakika zote 60 na wanane wanacheza nusu tu. Kanuni imefuatwa, hakuna wa kulalamika, na bado mtoto mmoja anacheza mara mbili ya mwenzake kila wiki. Kwenye msimu wa mechi 12, wa kwanza amecheza dakika 720 na wa pili 360. Mwisho wa msimu tofauti yao ya uwezo itakuwa imeongezeka, na kocha atasema, "Si mnaona? Huyu ndiye bora."

Kwa umri huu hilo linanisumbua kwa sababu maalumu. Imethibitishwa katika nchi nyingi kwamba timu za vijana zinazochagua wachezaji hujaa watoto waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa usajili. Mtoto wa Januari na wa Desemba wameandikishwa umri mmoja, lakini mmoja ana karibu mwaka mzima wa kukua kumzidi mwenzake. Ongeza kwamba kwenye miaka 12 kuna anayebalehe mapema na kuna atakayesubiri mpaka 15. Wale wanne bora wako unaowapa dakika 60, inawezekana kabisa wana miguu mirefu tu kwa sasa.

Mahali ambapo nusu mechi inakuwa njia sahihi ni kwenye mashindano yasiyoruhusu aliyetoka kurudi. Sheria namba 3 ya mpira wa miguu inaruhusu mchezaji aliyetolewa kurudi uwanjani kwenye soka la vijana na la ngazi ya chini, ila ni kwa ridhaa ya chama cha soka cha nchi, shirikisho la bara au FIFA. Mabonanza mengi hayasemi chochote mpaka siku yenyewe. Kama kurudi hakuruhusiwi na una akiba wanne wa ndani, kila akiba anaweza kubadilishana na mmoja aliyeanza, wakati wa mapumziko: wanane wanapata dakika 30 na wanne wanapata 60. Hakuna mpangilio utakaompa aliyepata kidogo zaidi ya hapo. Kwa hiyo haki inatafutwa kwenye swali moja tu: hao wanne wa dakika 60 ni akina nani leo? Ukiwazungusha, ndani ya mechi tatu kila mtoto anakuwa amecheza 60 mara moja na 30 mara mbili. Jumla 120, yaani wastani wa 40. Dakika zimekuwa sawa kabisa, na hakuna aliyevunja sheria ya mashindano.

Dakika sawa ndani ya mechi: watatu kwa nafasi mbili

Njia hii inahitaji mabadiliko yasiyo na ukomo na ruhusa ya kurudi. Ukivipata hivyo viwili, ndiyo ninayoipendekeza, na ndiyo nitakayoieleza kwa kirefu kwa sababu makocha huikataa kabla ya kuijaribu. Pingamizi lao ni kwamba dakika sawa zinaidhoofisha timu. Timu inadhoofika pale wachezaji wako wawili watatu wenye nguvu wanapokaa benchi kwa pamoja huku wanyonge wote wako ndani. Hilo linapangika.

Nafasi nane za ndani kwenye mfumo wa 3-3-2 zinagawanyika vizuri kuwa jozi nne: mabeki wawili wa pembeni, beki wa kati pamoja na kiungo wa kati, viungo wawili wa pembeni, washambuliaji wawili. Kila jozi ya nafasi ipe watoto watatu. Watatu hao wanazijua nafasi zote mbili, wanafanya mazoezi pamoja, na wakati wowote wa mechi wawili wako ndani, mmoja yuko nje. Mechi igawe vipande sita vya dakika kumi. Kila mtoto anakaa vipande viwili na kucheza vinne, yaani dakika 40.

Sasa kwa karatasi yako mwenyewe, ambayo hutamwonyesha mtu, mpe kila mtoto alama ya leo: 3 kwa mhimili wa kundi lake, 2 kwa anayefuata, 1 kwa anayehitaji kubebwa. Jumla ya timu ni alama 24. Tuseme jezi zimepangwa hivi, kuanzia mwenye alama 3 hadi mwenye 1: mabeki wa pembeni ni 2, 3 na 4, wa kati ni 5, 6 na 7, viungo wa pembeni ni 8, 9 na 10, washambuliaji ni 11, 12 na 13. Wa kupumzika wanapangwa hivi:

| Kipande | Dakika | Wanaopumzika | Alama zilizo nje |
|---|---|---|---|
| 1 na 4 | 0–10 na 30–40 | 4, 5, 9, 12 | 1+3+2+2 = 8 |
| 2 na 5 | 10–20 na 40–50 | 2, 7, 10, 11 | 3+1+1+3 = 8 |
| 3 na 6 | 20–30 na 50–60 | 3, 6, 8, 13 | 2+2+3+1 = 8 |

Kila kipande kina mtoto mmoja nje kutoka kila kundi la watatu, kwa hiyo hakuna nafasi inayobaki wazi. Na kila kipande kina alama 8 nje, 16 ndani. Timu inayoanza dakika ya kwanza na timu inayocheza dakika ya 45 zina uzito uleule. Mihimili ni minne na zamu za kupumzika ni tatu, kwa hiyo kuna zamu moja lazima mihimili miwili ikae pamoja. Hapo juu nimewakalisha 2 na 11, beki wa pembeni na mshambuliaji, na kuwalipia kwa kuwakalisha pia 7 na 10 ambao ndio wadogo kiuwezo. Ambacho singefanya ni kumkalisha namba 5 na mhimili mwingine kwa wakati mmoja. Beki wa kati akiwa dhaifu na mbele pia kumepungua, timu inarudi nyuma yote na watoto wa alama 1 walioko ndani ndio watakaobeba lawama.

Uwanjani kazi yenyewe ni nyepesi. Unabeba karatasi ukubwa wa kiganja yenye mistari hiyo mitatu, na mtu mmoja ana saa. Dakika ya tisa, wanne waliokuwa nje wanasimama mstari wa kati wakiwa wameshavaa jezi zao vizuri, na kila mmoja anamtaja kwa sauti anayemrithi: "Naingia badala ya namba 2, napiga beki ya kulia." Mtoto akishindwa kutaja, mnamwelekeza hapo hapo, kabla hajaingia. Mpira ukitoka, refa anaruhusu, wanne kwa wanne. Mabadiliko ni matano kwenye mechi, na moja kati ya hayo linaangukia mapumziko, kwa hiyo mchezo unasimama mara nne tu. Dar es Salaam mwezi wa pili, saa nne asubuhi, hizo dakika kumi za kivulini zinamrudisha hata mhimili wako akiwa na pumzi.

Mechi inayofuata usianze na mstari uleule. Wanaokaa kipande cha 3 na cha 6 wanakosa dakika kumi za mwisho, na watoto wanajua thamani ya dakika hizo. Sogeza mistari: mstari wa pili uwe wa kwanza, wa tatu uwe wa pili, wa kwanza uwe wa mwisho. Kwenye mechi tatu kila mstari utakuwa umekosa mwanzo mara moja na mwisho mara moja.

Udhaifu wa njia hii uko kwenye mahudhurio. Siku namba 4 asipofika, kundi lake limebaki na wawili, na ukiwaacha hivyo watacheza dakika zote 60 juani. Suluhisho ni kuazima. Kipande cha 1 na cha 4 hazina shida, maana yeye ndiye angekuwa nje. Vipande vinne vilivyobaki, kila kimoja, mtu mmoja aliyepangwa kupumzika anabaki ndani na kuziba pengo. Chagua mtoto tofauti kila mara, na awe anayeweza kucheza beki ya pembeni. Watoto wanne watacheza dakika 50 na saba watacheza 40. Hesabu inafunga: 200 na 280 ni 480. Wakikosekana watatu, lakini, mfumo umevunjika, na ni bora urudi kwenye nusu mechi kwa siku hiyo.

Udhaifu wa pili ni alama zenyewe. Zikikaa miezi mitatu bila kubadilishwa, umejenga tabaka. Mimi naona mwezi mmoja unatosha, kisha kaa na msaidizi wako, kila mmoja aandike alama zake bila kumwonyesha mwenzake, halafu mlinganishe.

Daftari la msimu

Njia ya tatu inasema: mechi hii nitampa huyu 60 na yule 20, lakini kila dakika inaandikwa, na anayedai atalipwa. Inavutia kwa sababu inamruhusu kocha kupanga kikosi kizito dhidi ya mpinzani mgumu na kuwapa wengine nafasi kwenye mechi nyepesi.

Sipendi kuitumia peke yake. Kwanza, mechi za mwisho wa msimu ndizo zenye uzito, na ndizo deni lilipopaswa kulipwa. Kocha aliyekuwa akisema "utacheza wiki ijayo" anafika nusu fainali akiwa na madeni ya watoto watano, na hayo hayalipwi kamwe. Pili, kuna malipo yasiyo na thamani: dakika 60 dhidi ya timu mnayoifunga nane hazifanani na 20 dhidi ya timu inayowabana. Daftari linaziona sawa, mtoto hazioni hivyo. Tatu, mtoto wa miaka 12 aliyeletwa na bibi yake kwa daladala mbili akacheza dakika nane haelewi habari ya wastani wa msimu. Anaelewa leo.

Ukiamua kuitumia, weka mipaka miwili na uitangaze kabla ya mechi ya kwanza. Hakuna mtoto chini ya dakika 20 kwenye mechi yoyote. Na kila baada ya mechi tatu, anayeongoza na anayeburuza mkia wasitofautiane zaidi ya dakika 30 kwa jumla. Wakizidi, mechi ya nne inapangwa kuanzia mkiani, awe mpinzani yeyote yule. Bila mpaka wa pili, daftari ni orodha ya ahadi tu.

Matumizi yake bora ni kama msaidizi wa njia zile mbili: linakumbuka nani alikuwa kwenye wanne wa dakika 60, nani alikosa dakika za mwisho, nani alibaki kuziba pengo.

Mechi ya mtoano

Hapa ndipo makocha wengi huacha mpango wote, wakati kuna nafasi ya katikati. Fuata vipande vitano kama vilivyo kwenye jedwali, kisha kipande cha sita kiwe huru. Hadi dakika ya 50, kila mtoto ameshacheza angalau dakika 30, na wa mstari wa tatu wameshacheza 40. Dakika kumi zilizobaki, kama mna hatari ya kutolewa, unaweza kuingiza mihimili minne pamoja na wanne wenye alama 2, na kwa kuwa wanatoka kundi kwa kundi, kila mtu yuko kwenye nafasi anayoijua. Umelinda nusu mechi kwa wote na umepata kikosi chako kizito pale inapoamuliwa. Waliokosa kipande hicho wanaandikwa, na mechi inayofuata wanamaliza wao.

Jambo hilo lisemwe mapema. Mzazi akija baada ya mechi kuuliza, "Kocha, mbona mwanangu umemtoa tunafungwa moja bila?", jibu zuri ni karatasi ile ya mfukoni: "Baba, zamu yake ya kupumzika ilikuwa dakika ya 40, imeandikwa tangu jana." Maneno hayo hayana ubishi, kwa sababu ni kweli kwamba yaliandikwa jana. Mzazi wa mtoto hodari huwa mgumu kuliko wa mtoto wa alama 1, na huyo ndiye wa kuonyeshwa mpango kwenye kikao cha mwanzo wa msimu. Kikao hicho ndicho pia cha kusema kama kukosa mazoezi kunapunguza dakika au hakupunguzi. Chagua unachotaka, ila kiwe kilekile kwa mtoto wa mwenyekiti na wa jirani.

Utajuaje kama mpango unafanya kazi

Andika mabao ya kufunga na kufungwa kwa kila kipande, si kwa kila mechi. Baada ya mechi tano au sita, jumlisha kwa mistari mitatu ya jedwali. Mechi moja haisemi kitu, bao la kona linaweza kumwangukia yeyote. Lakini mstari mmoja ukiwa unaruhusu mabao kuliko miwili mingine, usikimbilie kumlaumu mwenye alama 1. Angalia kwanza nani anacheza pamoja na nani. Mara nyingi utakuta kiungo na beki wa kati wasiosikilizana, na ukibadilishana 6 na 7 mambo yanatulia.

Kipimo kingine ni dakika kumi za mwisho. Hesabu kila mtoto amezicheza mara ngapi. Timu inaweza kuwa na dakika sawa kwenye karatasi na bado watoto walewale wawili hawajawahi kuwa uwanjani filimbi ya mwisho ikipulizwa.

Kipa yuko nje ya hesabu hii kwa makusudi, maana anacheza 60 wakati wenzake wanacheza 40. Ukiwa na makipa wawili, wabadilishe mapumziko. Ukiwa na mmoja, muulize kama anataka kucheza ndani siku moja moja. Watoto wengi wa miaka 12 waliowekwa golini waliwekwa tu, hawakuomba.

Basi uchague ipi

Kama aliyetoka anaruhusiwa kurudi na watoto wako wanahudhuria, watatu kwa nafasi mbili. Kama harudi, nusu mechi kwa kuwazungusha wanne wa dakika 60. Daftari libebe kumbukumbu kwa zote mbili. Kabla ya kulipa ada ya mashindano waulize waandaaji mambo mawili: idadi ya mabadiliko, na kama aliyetoka anarudi. Wakisema mabadiliko ni matatu na hakuna kurudi, basi mtoto wako mmoja wa ndani hatacheza kabisa siku hiyo, na ni bora mzazi wake ajue kabla hajatoa nauli.

Na angalia idadi ya usajili. Kwa watoto 15 wa ndani kila mmoja anapata dakika 32. Kwa 16 anapata 30 kamili, yaani nusu mechi na hakuna dakika ya ziada ya kumpa mtu yeyote. Akija wa 17, hakuna tena mpangilio utakaompa kila mtoto nusu ya mechi. Huyo wa 17 mwandikie timu ya pili, na utafute mtu wa kuifundisha.